Damu Isiyouma: Safari ya Moshi wa Sigara hadi Kwenye Kibofu

*Hotuba iliyotolewa na daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo jijini Dodoma, mbele ya madereva wa malori, madereva wastaafu na familia zao. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.*

Mbukwenyi! Wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu mlioacha magari yenu maegeshoni ili mje kunisikiliza, nawashukuru.

Viongozi wenu waliponialika waliniomba nizungumzie sigara, na naamini wengi wenu mmekuja mkitegemea kusikia habari za mapafu. Leo sitazungumzia mapafu. Habari za mapafu mmezisikia mara nyingi, na kuzisikia mno kumezaa fikra moja ambayo nimeikuta kwa wagonjwa wengi: kwamba mtu asiyekohoa bado sigara haijamdhuru. Nataka niwaonyeshe kwamba moshi hauishii kifuani, bali huingia kwenye damu, huzunguka mwili mzima, na mwishowe hutafuta njia ya kutoka. Njia yake kubwa ya kutokea ni mkojo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu kibofu.

Nitaanza na mzee mmoja aliyekuwa dereva kama ninyi. Familia yake imeniruhusu nimzungumzie bila kumtaja jina. Alizaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria, akacheza majini utotoni kama watoto wote wa huko, akaanza kuvuta sigara akiwa na miaka 17, na alipokuwa na miaka 57 alikuwa bado anavuta, wastani wa sigara 15 kwa siku. Tufanye hesabu pamoja. Sigara 15 mara siku 365 ni sigara 5,475 kwa mwaka, na kwa miaka 40 zinafika 219,000. Hakuna siku hata moja aliyohisi kwamba amevuta nyingi, kwa sababu alizinunua mojamoja au mbilimbili kila aliposimama kujaza mafuta au kunywa chai.

Siku moja ya mwezi Machi alikuwa kwenye foleni ndefu ya mizani. Mnajua wenyewe jinsi mtu anavyofanya akiwa kwenye foleni ya namna hiyo na mkojo umembana: alitumia chupa tupu ya maji ya kunywa ndani ya kabini. Alipoinua chupa ile dhidi ya mwanga wa kioo cha mbele, aliona mkojo wake una rangi ya juisi ya rozela. Hakusikia maumivu yoyote, wala hakuwa na homa.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo la chupa, kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama siku ile angeshuka na kukojoa pembeni mwa barabara, juu ya udongo wetu huu mwekundu, asingeona chochote. Kama angetumia choo cha shimo usiku, asingeona chochote pia. Mililita moja ya damu katika lita nzima ya mkojo inatosha kuubadilisha rangi, lakini rangi hiyo huonekana tu pale mkojo unapoingia kwenye chombo cheupe au kinachopitisha mwanga. Sijui ni mara ngapi mzee yule alikuwa amekwisha kukojoa damu kabla ya siku ile ya mizani, na yeye mwenyewe hakujua.

Alikwenda kwenye zahanati iliyokuwa karibu na njia yake. Mhudumu alimuuliza alikokulia, akasikia neno ziwa, akaandika kwenye daftari lake la matibabu: kichocho. Akapewa vidonge vya prazikwanteli, dozi ya mara moja kulingana na uzito wake, yaani miligramu 40 kwa kila kilo. Baada ya siku tatu mkojo ulikuwa mweupe. Mzee akafurahi, na zahanati ikahesabu kwamba mgonjwa amepona.

Damu ilirudi mwezi Agosti. Safari hii alikwenda kwenye kituo cha afya ambako kulikuwa na daktari kijana aliyekuwa hajafikiria bado kusomea upasuaji. Daktari huyo nilikuwa mimi. Nilimwomba mkojo, maabara ikautazama kwa hadubini, na jibu likarudi limeandikwa kwamba hakuna mayai ya kichocho yaliyoonekana, ila seli nyekundu za damu ni nyingi. Nilisoma jibu hilo, na bado nikampa tena dawa ya kichocho, nikaongeza na antibayotiki ya njia ya mkojo endapo kungekuwa na maambukizi. Pakiti ya sigara ilikuwa inaonekana kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto. Niliiona kwa macho yangu wala sikumuuliza lolote kuihusu. Damu ikakatika baada ya siku mbili, na mimi pia nikaamini kwamba nimemtibu.

Mwezi Novemba aliletwa usiku akiwa hawezi kukojoa kabisa. Kibofu kilikuwa kimejaa mabonge ya damu yaliyoziba njia. Aliwekewa mpira wa mkojo mnene, kibofu kikasafishwa kwa maji mara nyingi hadi alfajiri, kisha akapewa rufaa ya hospitali kubwa. Huko kipimo cha ultrasaundi kilionyesha uvimbe wa sentimita 4 kwenye ukuta wa kulia wa kibofu. Madaktari walipitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, wakauona uvimbe ule ana kwa ana, wakaukwangua na kupeleka vinyama maabara. Jibu lilikuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kuingia kwenye msuli wa kibofu.

Kutoka Machi hadi Novemba ni miezi minane. Katika miezi hiyo alionwa na watumishi wa afya mara mbili, akatibiwa mara mbili, na mara zote mbili damu ilikatika. Hapo ndipo penye mtego ninaotaka kila mmoja wenu auelewe. Uvimbe wa saratani ya kibofu huvuja damu leo, kisha huacha wenyewe kwa wiki kadhaa au hata miezi, kisha huvuja tena. Huo ndio mwenendo wake. Mtu akipewa dawa yoyote katika siku za damu, iwe prazikwanteli, iwe antibayotiki, iwe mizizi iliyochemshwa, damu itakatika baada ya siku chache na dawa hiyo itasifiwa. Kukatika kwa damu hakuthibitishi chochote kuhusu chanzo chake.

Sasa niwaeleze ni kwa nini sigara inafika kwenye kibofu, kwa maana mtu anayeuliza swali hilo anauliza jambo la haki kabisa. Moshi unavutwa juu, kibofu kiko chini, vinakutana wapi?

Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kundi moja kati ya hizo linaitwa amini aromatiki, na ndani ya kundi hilo imo naftilamini, kemikali ambayo historia yake inafahamika vizuri. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Kijerumani aitwaye Ludwig Rehn, wa mjini Frankfurt, alieleza kwamba ameona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza rangi za vitambaa. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulibainisha kwamba miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikiwadhuru wafanyakazi wa viwanda vya namna ile ni hizo amini, na naftilamini ikapigwa marufuku viwandani katika nchi nyingi. Kemikali hiyohiyo ipo kwenye moshi wa sigara.

Mtu anapovuta, amini hizi hupita kwenye kuta nyembamba za mapafu na kuingia kwenye damu bila kuacha alama. Damu huzipeleka kwenye ini, na ini hufanya kazi yake ya kila siku ya kuandaa taka ziweze kutolewa. Ninyi ni watu wa mizigo, kwa hiyo nitasema hivi: ini huufunga mzigo ule kwa turubai na kuukabidhi kwa figo, figo huupitisha kwenye mkojo, na mkojo huteremka kwenye kibofu. Njia nzima hadi hapo turubai limefungwa. Lakini mkojo mara nyingi una tindikali, na tindikali hulilegeza turubai lile, mzigo ukabaki wazi ndani ya kibofu. Kibofu nacho ni ghala, kwa sababu hushika mkojo kwa saa kadhaa kabla haujatoka. Kwa muda wote huo kemikali zimegusana na ngozi laini ya ndani ya kibofu na kuziharibu chembe zake za urithi. Seli nyingi hujirekebisha au kufa, lakini baada ya miaka ishirini, thelathini au arobaini ya uharibifu wa kila siku, seli moja inakosa kurekebishika na kuanza kuzaana bila mpaka.

Watu hawafanani katika jambo hili. Wako ambao ini lao kwa maumbile huzigeuza amini hizi polepole, na hao hupata madhara zaidi kwa idadi ileile ya sigara. Kwa sababu hiyo mfano wa babu aliyevuta hadi miaka 90 hautusaidii kujua litakalompata mjukuu. Kwa ujumla, anayevuta ana hatari ya saratani ya kibofu mara tatu hadi nne ya asiyevuta kamwe, na katika nchi ambazo jambo hili limechunguzwa sana, karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani hiyo wameipata kwa sababu ya sigara. Kichungi kilichoko mwishoni mwa sigara hakibadilishi hesabu hiyo.

Narudi kwenye kichocho, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba nimekidharau. Tanzania ni ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa ugonjwa huo, na mhudumu aliyekifikiria alikuwa na sababu. Kichocho cha mkojo chenyewe, kikikaa miaka mingi bila kutibiwa, husababisha saratani ya kibofu ya aina nyingine kidogo. Maana yake ni kwamba dereva aliyecheza ziwani utotoni na kuvuta sigara ukubwani amebeba sababu mbili, na historia ya kichocho inapaswa kuongeza wasiwasi wetu juu ya kibofu chake badala ya kuupunguza. Sisi tulifanya kinyume.

Je, mtu anaweza kuvitofautisha? Kwa sehemu, ndiyo. Damu ya kichocho mara nyingi huja mwishoni mwa mkojo, kama matone ya mwisho, na mara nyingi huambatana na kuwashwa au maumivu wakati wa kukojoa. Wagonjwa wengi ni watoto wa shule na vijana. Damu ya saratani mara nyingi huchanganyika na mkojo wote tangu mwanzo hadi mwisho, huja bila maumivu, na humpata zaidi mtu aliyepita miaka 50. Lakini tofauti hizi zina mipaka yake, na hakuna daktari anayepaswa kuzitegemea peke yake. Mayai ya kichocho yatafutwe kwenye mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo yanapotoka kwa wingi. Yakionekana, dawa itolewe, kisha mkojo upimwe tena baada ya wiki chache kuona kama damu imekwisha kweli, hata ile isiyoonekana kwa macho ambayo karatasi ya kupimia mkojo huitambua. Yasipoonekana, na mtu huyo ni mtu mzima anayevuta au aliyewahi kuvuta, basi kibofu kitazamwe.

Neno langu ni kutazamwa. Ultrasaundi ni kipimo kizuri cha kuanzia, hakiumi, na kinapatikana hata kwenye vituo vingi vya afya, lakini kibofu lazima kiwe kimejaa na bado uvimbe mdogo au uliolala bapa kwenye ukuta unaweza kukipita. Mtu akiambiwa kwamba ultrasaundi yake ni safi huku damu imeonekana kwa macho, bado anahitaji kamera. Kamera hiyo hupitishwa kwenye njia ya mkojo baada ya kuwekewa jeli ya ganzi, na kazi yenyewe huchukua dakika chache. Najua wanaume wengi huiogopa kuliko wanavyoiogopa saratani. Nimeifanya mara nyingi, na wengi huniambia baadaye kwamba woga ulikuwa mkubwa kuliko kipimo.

Zipo pia rangi zinazodanganya upande wa pili. Anayetumia dawa za kifua kikuu hupata mkojo wa rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini, na hiyo si damu. Karatasi ya kupimia mkojo inamaliza ubishi huo kwa dakika moja.

Rangi nyingine naomba niieleze kwa makini, maana inatupeleka kwenye kiungo kingine ambacho moshi hukifikia kwa njia ya damu, nacho ni kongosho. Mvutaji ana hatari takriban mara mbili ya saratani ya kongosho kuliko asiyevuta, na saratani hii hujificha vibaya kuliko zote ninazozitaja leo, kwa kuwa kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula na halionyeshi uvimbe kwa mkono. Uvimbe ukikaa kwenye kichwa cha kongosho huubana mrija wa nyongo. Hapo mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, choo kikubwa hupauka kama udongo mweupe, macho huwa ya njano na mwili huwasha, mara nyingi bila maumivu makali. Mtu huyo naye huja akisema anakojoa damu. Karatasi ikionyesha kwamba hakuna damu, tazameni macho yake mkiwa nje, kwenye mwanga wa jua. Dalili nyingine ni kisukari kinachoanza ghafla kwa mtu mzima ambaye, badala ya kunenepa, anakonda. Tumbaku isiyovutwa kwa moto nayo imo katika hesabu hii: ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambavyo bibi na babu zetu wengi vijijini huku Ugogo wanavitumia, vimethibitishwa kusababisha saratani za kinywa, umio na kongosho.

Mama zangu, damu inayoonekana chooni kwa mwanamke ina ugumu wake. Inaweza kutoka kwenye kibofu, na mara nyingi huitwa UTI au huchukuliwa kuwa hedhi iliyopotea njia, kiasi kwamba wanawake wenye saratani ya kibofu hugundulika wakiwa wamechelewa kuliko wanaume. Inaweza pia kutoka kwenye mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, huanzishwa na kirusi cha papiloma, na nisingependa mtu aseme kwamba daktari amesema inaanzishwa na sigara. Wanawake wengi hukipata kirusi hicho wakati fulani wa maisha na mwili wao hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kemikali za moshi zimepatikana kwenye ute wa mlango wa kizazi wa wanawake wanaovuta, na hapo hudhoofisha seli za kinga zinazolinda eneo lile. Kirusi ambacho kingeondoka hubaki, na kinachobaki kwa miaka ndicho kinacholeta saratani. Dalili ya kuikimbilia hospitali ni damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya hedhi kukoma kabisa. Kabla ya dalili yoyote kipo kipimo cha siki, na kwa mabinti wenye miaka 9 hadi 14 ipo chanjo, ambayo nchi yetu iliianza mwaka 2018.

Koo nitalipitia kwa haraka, si kwa sababu halina uzito, bali kwa sababu dalili yake ni moja na ni rahisi kuikumbuka. Hapa moshi haupiti kwenye damu kwanza. Unaligusa koo na kisanduku cha sauti moja kwa moja, na mtu anayechanganya sigara na pombe hapati jumla ya madhara mawili, bali moja huzidisha jingine. Sauti ikikauka na kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu kwa mtu anayevuta, isiitwe mafua wala vumbi la barabarani. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Uvimbe wa nyuzi za sauti ukikamatwa mapema una nafasi kubwa ya kupona, kwa sababu hubadilisha sauti ukiwa bado mdogo sana.

Narudi kwa mzee wetu. Uvimbe wa kibofu ambao haujafika kwenye msuli hukwanguliwa kwa kamera na kibofu hubaki mahali pake. Kisha mgonjwa hufuatiliwa kwa kamera kwa miaka, kwa sababu uvimbe huo hupenda kurudi, na baadhi ya wagonjwa huwekewa ndani ya kibofu chanjo ileile ya BCG wanayopewa watoto kwa ajili ya kifua kikuu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, wakiishikilia kwa muda wa saa mbili kila mara. Dawa hiyo huamsha kinga ya mwili pale penye ugonjwa. Ukishaingia kwenye msuli, mazungumzo hubadilika kabisa. Mzee alipewa njia mbili: kuondolewa kibofu chote, au kubaki nacho na kutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani. Alichagua upasuaji. Madaktari walikata kipande kifupi cha utumbo mwembamba, wakaunganisha mirija ya figo kwenye kipande hicho, na mwisho wake wakautoa nje kwenye ngozi ya tumbo upande wa kulia, ambako mkojo hutiririka muda wote ndani ya mfuko uliobandikwa. Hakurudi tena kwenye lori.

Nilikwenda kumtembelea nyumbani. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, mfuko umefunikwa na shati, na alinionyesha daftari lake bila hasira. Mstari wa mwezi Agosti ulikuwa na mwandiko wangu. Nikamwomba radhi. Akaniambia, “Daktari, mwanangu, hukuniuliza, nami sikukuambia. Nilijua sigara ni ya kifua.” Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kusomea kazi ninayoifanya sasa, na tangu hapo kila anayeniambia amekojoa damu namuuliza swali la sigara kabla ya lile la ziwa.

Mtoto wake wa kiume, ambaye naye ni dereva na ana miaka 34, alinisindikiza hadi barabarani siku ile. Alikuwa anavuta tangu akiwa na miaka 19. Aliniuliza kama apimwe kibofu mara moja. Nilimjibu kwamba kwa mtu asiye na dalili hakuna kipimo cha kibofu kilichothibitika kuokoa maisha, kwa hiyo nisingempa rufaa ya kamera. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, akojoe kwenye chupa safi inayopitisha mwanga mara kwa mara, aitazame, na siku atakayoona wekundu, hata mara moja, hata kama umekatika kesho yake, aje na amwambie daktari kwa kinywa chake kwamba anavuta au aliwahi kuvuta. La pili, aache. Hatari ya kibofu huanza kushuka ndani ya miaka michache ya kwanza baada ya kuacha, kwa takriban theluthi moja, na huendelea kushuka polepole kwa miaka mingi, ingawa hata baada ya miaka ishirini haijawa sawa kabisa na ya mtu ambaye hakuvuta kamwe. Aliniuliza kama wale ambao tayari wana saratani ya kibofu hufaidika kwa kuacha. Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa anayeendelea kuvuta baada ya kukwanguliwa uvimbe hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi.

Akatoa pakiti mfukoni, akahesabu zilizobaki, zilikuwa sita. Akaniuliza kama aanze leo au azimalize kwanza. Nilimwomba anipe zile sita, akanipa.